Mkupuo au mafungu? Namna ya kuwekeza pesa za mshahara ukiwa Dar es Salaam

Kila mwezi, siku mbili tatu baada ya mishahara kuingia, naulizwa maswali yaleyale. Mmoja amelipwa malimbikizo yake ya miaka miwili na hajui ayaweke yote leo au ayakate vipandevipande. Mwingine amepokea zamu yake ya mchezo kutoka kwa kijumbe. Wa tatu hana pesa nyingi, ana shilingi laki moja anayobakiza kila mwezi, na ameambiwa asubiri zifike milioni ndipo aanze. Nimeona bora niandike mara moja, kwa utaratibu, ili anayeuliza apate pa kushika.

Tukubaliane maneno kwanza. Mkupuo ni kuwekeza pesa yote uliyonayo kwa siku moja. Neno hili wafanyakazi wengi tunalijua kutoka kwenye mijadala ya kikokotoo cha pensheni. Mafungu ni kuigawa pesa hiyohiyo sehemu sawa na kununua kwa tarehe ulizopanga, bei iwe juu au chini. Wamarekani njia hii ya mafungu waliipa jina lenye neno dola ndani yake, na ndiyo maana kuna watu wananiuliza kama ni lazima wafungue akaunti ya dola. Hapana. Shilingi inatosha, na mwongozo huu wote ni wa shilingi.

Jambo moja ulijue mapema, maana wengi hulikosa. Kama unawekeza laki moja kila mwezi kwa sababu laki moja ndiyo uliyonayo, wewe huchagui kati ya mkupuo na mafungu. Unawekeza kila ulichonacho siku unayokipata, na huo kwa kweli ni mkupuo mdogo wa kila mwezi. Swali la mkupuo au mafungu linaanza pale tu pesa kubwa inapokuwa tayari mkononi. Kwa hiyo nimetenganisha: kuna hatua za pesa kubwa na kuna hatua ya mshahara wa kawaida.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Namba ya NIDA na akaunti ya benki yenye jina linalofanana herufi kwa herufi na la kitambulisho. Watu wamekwama wiki nzima kwa sababu benki anaitwa kwa majina mawili na NIDA kwa matatu.

Akaunti ya mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Katika mwongozo huu natumia mifuko ya UTT AMIS kama mfano kwa kuwa ndiyo wengi wanaifahamu: Mfuko wa Umoja, ulioanza 2005 na unaochanganya hisa na dhamana, na Mfuko wa Ukwasi, ambao huweka pesa kwenye amana za benki na dhamana za serikali. Huko unanunua vipande, na kila siku ya kazi kipande kina bei yake.

Kama unataka hisa zenyewe za Soko la Hisa la Dar es Salaam, utahitaji akaunti ya CDS, ambamo hisa zako hutunzwa kielektroniki, inayofunguliwa kupitia dalali wa hisa mwenye leseni. Jina la dalali lihakiki kwenye orodha ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana kabla hujatuma hata shilingi. Anayekuahidi asilimia kumi kwa mwezi kupitia kundi la simu hahusiki na mwongozo huu, na usimtumie kitu.

Mwisho, daftari. La karatasi au la kwenye kompyuta, ila liwepo.

Hatua ya 1: Toa kwanza pesa ambayo si ya kuwekeza

Pesa kubwa ikiingia huonekana kama yote ni ya kuwekeza. Si kweli, na hapa ndipo mipango mingi huvunjika kabla ya mwaka kwisha.

Anza na madeni ya riba kali. Mkopo wa simu au ule wa mtaani tunaouita kausha damu unakula kwa mwezi kiasi ambacho mfuko mzuri unaweza kuchukua mwaka mzima kukupa. Lipa uishe.

Halafu kodi ya nyumba. Dar wenye nyumba wengi bado wanataka miezi sita kwa pamoja, wengine mwaka. Kama mkataba wako unaisha baada ya miezi mitatu, kodi hiyo tayari ina mwenyewe. Hali kadhalika ada za Januari. Pesa yenye tarehe ndani ya mwaka mmoja haiendi kwenye hisa kwa njia yoyote, si mkupuo wala mafungu. Mahali pake ni Ukwasi au akaunti ya akiba.

Mwisho akiba ya dharura: matumizi yako ya miezi mitatu. Asiye na akiba hii huja kuuza hisa zake mama anapolazwa, na siku hiyo haichagui bei.

Kinachobaki baada ya hapo ndicho tunachozungumzia kuanzia hatua ya pili.

Hatua ya 2: Tazama unachonunua kinapanda vipi

Hili ndilo ningependa ulishike kuliko yote humu. Mafungu yana faida pale tu bei inapopanda na kushuka. Kama bei inapanda kidogokidogo karibu kila siku, kukata mafungu ni kujichelewesha.

Chukua mfuko wa aina ya Ukwasi. Riba za amana na dhamana zinaongezeka humo siku hadi siku, na bei ya kipande inasogea juu taratibu. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, mfuko unakua asilimia 1 kwa mwezi na wewe una 1,200,000. Ukiweka yote leo, baada ya miezi 12 utakuwa na karibu 1,352,000. Ukiiacha benki kwenye akaunti isiyo na riba na kuhamisha 100,000 kila mwanzo wa mwezi, mwisho wa mwaka utakuwa na karibu 1,281,000. Umepoteza kama 71,000, na hakuna hatari yoyote uliyoikwepa, kwa sababu bei haikuwa inayumba.

Hatifungani za serikali, yaani dhamana za muda mrefu ambazo kwazo unaikopesha serikali kwa riba, ukizinunua moja kwa moja na kukaa nazo hadi mwisho ziko kwenye kundi hilohilo: riba inaanza kuhesabika ukishanunua. Tena mnadani kiwango cha chini ni milioni moja, kwa hiyo mafungu madogo hayapiti hata ukitaka.

Hisa ni jambo jingine. Bei ya hisa inaweza kukaa mahali pamoja wiki tatu, ikaruka, kisha ikarudi chini ya ulipoanzia. Hapo ndipo swali la mkupuo au mafungu lina maana.

Mfuko wa Umoja uko katikati. Una hisa ndani yake, kwa hiyo kipande chake kinaweza kushuka, lakini dhamana zinapunguza mtikisiko. Kwa pesa ya miaka mitano au zaidi mimi huweka Umoja kwa mkupuo bila kusita.

Hatua ya 3: Kwa upande wa hisa, jipime kabla ya kuchagua

Nadharia kidogo tu hapa. Mwaka 2012 kampuni ya Vanguard ya Marekani ilitoa utafiti uliolinganisha mkupuo na mafungu katika masoko ya Marekani, Uingereza na Australia. Mkupuo ulishinda takribani mara mbili katika kila tatu. Sababu yake haina uchawi: masoko yale yalipanda mara nyingi kuliko yalivyoshuka, na pesa inayosubiri nje haipandi nayo. Soko letu ni dogo na lina tabia zake, kwa hiyo usichukue idadi ile kama ahadi ya Dar. Lakini sababu yenyewe inafanya kazi popote: anayekata mafungu analipia utulivu wa moyo kwa kuacha sehemu ya faida, na mara nyingine malipo hayo yanamwokoa.

Tuone kwa namba. Una 1,200,000 ya kununua hisa ya mfano inayouzwa 600. Kwa mkupuo unapata hisa 2,000. Kwa mafungu manne ya 300,000, tuseme bei zinakwenda 600, 500, 400, kisha 600 tena. Utapata hisa 500, 600, 750 na 500, jumla 2,350. Bei imerudi palepale ilipoanza, ila wa mafungu ana mali ya 1,410,000 na wa mkupuo ana 1,200,000.

Sasa geuza. Bei zinakwenda 600, 625, 750, 800. Mafungu yanakupa 500, 480, 400 na 375, jumla 1,755, zenye thamani ya 1,404,000. Wa mkupuo ana hisa zake 2,000, thamani 1,600,000. Mwenye mafungu amepata faida, lakini amekosa karibu laki mbili ambazo jirani yake anazo.

Kuna mtego hapa unaowanasa hata watu wa hesabu. Katika mfano wa kwanza, wastani wa zile bei nne ni 525, lakini mwenye mafungu amelipa wastani wa shilingi 511 hivi kwa hisa, kwa sababu pesa ileile hununua hisa nyingi bei ikiwa chini. Watu wakiona 511 iko chini ya 525 husema mafungu yanashinda daima. Angalia mfano wa pili: wastani wa bei ni 693.75, yeye amelipa kama 684. Yuko chini ya wastani tena, na bado ameshindwa vibaya, maana wa mkupuo alilipa 600. Usijilinganishe na wastani wa bei. Jilinganishe na bei ya siku ile pesa ilipokuwa mkononi.

Kipimo changu ni kimoja. Jiulize: nikiweka 1,200,000 yote leo na wiki ijayo bei ishuke asilimia 20, nitaona mali yangu ina pungufu la 240,000. Nitafanya nini? Kama jibu ni kwamba utakasirika lakini utakaa nazo, weka mkupuo. Kama unajua utauza kwa hofu, au hutaligusa tena soko, kata mafungu. Na kama hata kwa mafungu unaona pungufu hilo hutaliweza, basi tatizo si mkupuo wala mafungu. Kiasi cha hisa ni kikubwa mno kwako. Hili nalisisitiza kwa sababu mafungu hukulinda wakati yanaendelea tu. Siku ya fungu la mwisho unakuwa na hisa za 1,200,000 kama mwenzako, na soko likianguka kesho yake mnaumia sawa.

Hatua ya 4: Ukichagua mafungu, andika ratiba na uiheshimu

Mafungu yasizidi sita. Mimi hupendelea manne, moja kila mwezi. Ukikata ishirini na nne, unakuwa umekaa nje ya soko miaka miwili huku ukijiita mwekezaji.

Andika tarehe kwenye daftari kabla ya kununua fungu la kwanza, na fungu la kwanza linunue wiki hiyohiyo. Pesa inayosubiri iweke Ukwasi siku ya kwanza, isikae kwenye akaunti ya matumizi. Hilo linaondoa sehemu ya hasara ya kusubiri, na pia linaiweka pesa mbali na mkono. Kumbuka tu kwamba ukiuza vipande, pesa huchukua siku za kazi kadhaa kufika benki. Omba kuuza wiki moja kabla ya tarehe ya fungu, mapema zaidi kama kuna sikukuu katikati.

Kosa kubwa katika hatua hii ni kugeuza ratiba kuwa ubashiri. Mtu anapanga mafungu manne, la pili likifika anaona bei imepanda, anasema asubiri ishuke. Nililifanya mwenyewe. Nilipata malimbikizo, nikanunua fungu moja, bei ikapanda, nikakaa miezi kumi na nne nikiisubiri irudi. Haikurudi. Pesa ile ikaishia kwenye bati na matofali ambayo hayakuwa kwenye mpango, na mpaka leo naumia nikipiga hesabu ya hisa ambazo ningekuwa nazo. Ndiyo maana nasema tarehe iandikwe. Bei ikipanda, nunua. Ikishuka, nunua.

Hatua ya 5: Nunua hisa bila kujipandishia bei

Hapa kuna sababu ya mafungu ambayo vitabu vya masoko makubwa havina haja ya kuieleza. Soko letu lina kampuni ambazo kwa siku nzima hisa zake hubadilishana mikono chache sana, au hazibadilishani kabisa. Hisa za benki kubwa kama CRDB na NMB huwa na wanunuzi na wauzaji wengi kidogo, ila ukienda kwenye kampuni ndogo, agizo lako la milioni chache linaweza kumaliza hisa zote za bei nzuri na kuanza kula za bei ya juu. Hapo kugawa agizo ni busara hata kwa mtu asiye na hofu yoyote.

Unapompa dalali agizo, au ukiagiza mwenyewe kupitia programu ya simu ya Hisa Kiganjani, weka bei ya kikomo: hii ndiyo bei ya juu kabisa niliyo tayari kulipa. Angalia kwanza bei ya mwisho iliyouzwa na maombi ya wauzaji yaliyopo. Ukiacha agizo lisilo na kikomo kwenye hisa isiyochangamka, unamkabidhi muuzaji kalamu ajiandikie bei.

Gharama nazo zihesabu. Kwa kiasi kidogo kama chetu, kamisheni ya dalali pamoja na ada za soko hukaribia asilimia 2 unaponunua, na utalipa tena ukiuza. Kwa fungu la 300,000 ni kama 6,000. Kwa kuwa ni asilimia, kugawa mafungu hakuziongezi sana. Kinachoumiza ni makato ya kutuma pesa, maana hayo yanahesabika kwa kila muamala. Kanuni yangu: makato ya kutuma yakizidi asilimia 1 ya fungu, unganisha miezi miwili au mitatu.

Hatua ya 6: Mshahara wa kila mwezi

Huku hakuna mjadala mrefu. Chagua kiasi ambacho hata mwezi mbaya utakiweza, na kihame mara tu mshahara unapoingia. Weka agizo la kudumu benki liwe siku moja au mbili baada ya tarehe ya mshahara. Mshahara ukizoea kuingia tarehe 24, weka 26, ili ukichelewa agizo lisigonge akaunti tupu.

Usikusanye kwanza zifike milioni. Kusanyia ndani ya Ukwasi kama ni lazima ukusanye, kwa mfano ili ununue hisa mara moja kila miezi mitatu na kuokoa makato. Na usisahau kwamba kama umeajiriwa, NSSF au PSSSF tayari inafanya hivi kwa jina lako kila mwezi, bei ya soko iwe yoyote. Unachoongeza wewe ni fungu lako mwenyewe juu ya hilo.

Mshahara ukipanda, pandisha kiasi mwezi huohuo, kabla matumizi hayajakizoea.

Mfano mzima: mhasibu wa ghala Kurasini

Dada mmoja tunayefahamiana, anakaa Mbagala, mshahara unaofika mkononi ni 1,100,000. Mwaka huo akalipwa malimbikizo, 4,800,000. Alikuwa na mkopo wa simu wa 300,000, kodi ya miezi sita ya 1,200,000 ilikuwa inamsubiri baada ya miezi mitatu, na akiba yake ya dharura ilikuwa 900,000 wakati matumizi yake ni kama 700,000 kwa mwezi.

Tulikaa mezani, tukaandika. Mkopo ulilipwa siku hiyohiyo. Kodi, 1,200,000, ikaenda Ukwasi. Akiba ya dharura ilitakiwa kufika 2,100,000, kwa hiyo 1,200,000 nyingine ikaenda Ukwasi pia. Zikabaki 2,100,000. Alitaka 900,000 ziwe za sekondari ya mwanawe, miaka saba mbele. Hizo zikaingia Umoja kwa mkupuo.

Zilibaki 1,200,000 alizotaka kununulia hisa za benki moja. Nikampa kile kipimo cha asilimia 20. Akanyamaza, kisha akaniambia, “Kaka, mimi nikiona laki mbili na arobaini zimekwenda, usiku silali.” Jibu lilikuwa limepatikana. Mafungu manne ya 300,000: la kwanza wiki hiyo, na 900,000 zikasubiri Ukwasi. Kwa hiyo siku ya kwanza aliingiza Ukwasi 3,300,000 kwa pamoja, na kwenye daftari tukaandika wazi kipi ni kodi, kipi dharura, kipi mafungu. Bila mstari huo, baada ya miezi miwili mtu huona salio moja kubwa na kusahau kwamba zaidi ya theluthi yake ni ya mwenye nyumba.

Kwenye mshahara akapanga 120,000 kwa mwezi: 80,000 Umoja, 40,000 Ukwasi, na kila baada ya miezi mitatu zile 120,000 za Ukwasi zinanunua hisa.

Fungu la tatu lilimtia majaribuni. Bei ilikuwa imepanda juu ya ile ya fungu la kwanza na shangazi yake alikuwa amemwambia hisa zimeshakuwa ghali. Alinunua kwa tarehe. Hisa zilikuwa chache kuliko za mwanzo, na hilo ni sawa. Ndivyo mafungu yanavyofanya kazi.

Daftari liweje

Safu nne zinatosha: tarehe, kiasi ulichotoa pamoja na makato yote, bei, na idadi ya hisa au vipande. Kwenye kompyuta, kama kiasi kiko safu B na idadi safu D, wastani wa gharama yako kwa hisa unapatikana hivi:

```
=SUM(B2:B20)/SUM(D2:D20)
```

Usichukue wastani wa safu ya bei. Huo ndio ule mtego wa 525.

Mambo yakikwama

*Pesa imetoka, vipande havionekani.* Vipande hugawiwa kwa bei ya siku ya kazi, na malipo ya Ijumaa jioni husubiri wiki inayofuata. Zikipita siku tatu za kazi, peleka uthibitisho wa muamala. Mara nyingi kosa ni namba ya akaunti ya mwekezaji iliyoandikwa vibaya kwenye maelezo ya malipo.

*Agizo la hisa limekaa wiki mbili bila kutimia.* Kikomo chako kiko chini ya bei anayotaka muuzaji yeyote. Kipandishe hadi bei ya muuzaji wa karibu, au kubali kununua sehemu. Ratiba ikipita kwa zaidi ya wiki mbili kwa sababu hiyo, unabashiri bei bila kujua.

*Agizo limetimia nusu.* Hiyo ni kawaida kwenye hisa isiyochangamka. Andika ulichopata, na iliyobaki iache sokoni kwa bei ileile hadi tarehe ya fungu lijalo, kisha ziunganishe.

*Bei imeshuka ghafla baada ya kampuni kutangaza gawio.* Angalia tarehe ya kufunga rejista ya wanahisa. Baada ya tarehe hiyo anayenunua hapati gawio la mwaka ule, kwa hiyo bei kupungua kiasi kama hicho si ajali. Ukiwa ulinunua kabla, gawio litakuja likiwa limekatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, na gawio hilo lijumlishe kabla ya kusema umepata hasara.

*Nimeruka mwezi mmoja, niweke mara mbili mwezi ujao?* Kama pesa ile bado ipo, iweke leo, usingoje mwezi ujao. Kama imeshaliwa, endelea na kiasi cha kawaida. Nimeona wanaolazimisha mara mbili wakikopa kwenye simu tarehe 15 ili wafike mwisho wa mwezi.

*Niko katikati ya mafungu na nimepata dharura.* Tumia akiba ya dharura kwanza, halafu mafungu yaliyo Ukwasi ambayo hayajanunuliwa. Hisa ziwe za mwisho kuguswa. Dharura ikiisha, jaza akiba kwanza kwa kile kiasi chako cha kila mwezi, na mafungu yaliyobaki yapangie tarehe mpya siku akiba inapofika tena kiwango chake.